Usiifute Kwanza: Video Ikigoma, Tafuta Kosa Liko Wapi

Jirani yangu anauza madera. Kila Jumapili mchana, mwanga ukiwa mzuri uani kwake, huwaita wasichana wawili wa mtaani wamvalie nguo, akarekodi video za wiki nzima. Hazirushi zote siku hiyo. Huzihariri, akazitia maandishi na bei, akaziacha kama rasimu ndani ya programu ya video, kisha kila jioni hutoa moja.

Jioni moja mwaka jana alibisha hodi akiwa na simu mkononi. "Kaka, hebu niangalizie. Tangu magharibi haifungui video hata moja, na nimeshafanya kila kitu."

Kila kitu maana yake alikuwa ameizima simu na kuiwasha mara tatu, ametoka kwenye akaunti yake, amebadili nywila, na mwisho ameifuta programu na kuipakua upya kwa megabaiti zilizobaki kwenye bando. Duara lilikuwa bado linazunguka. Nikachukua simu yangu, ambayo ni ya aina nyingine na ina laini ya kampuni nyingine, nikafungua programu ileile. Duara likazunguka vilevile. Simu yake haikuwa na kosa lolote. Hitilafu ilikuwa kwa wenye programu, na ilipofika saa nne usiku video zilirudi zenyewe, wala hapakuwa na mtu mtaani kwetu aliyegusa kitu.

Rasimu zake 11 hazikurudi. Programu kadhaa za video, TikTok ikiwa mojawapo, huweka rasimu ndani ya simu yenyewe, si kwenye seva za kampuni. Ukiifuta programu, rasimu zinaondoka nayo. Kazi ya Jumapili nzima ilipotea kwa sababu ya dawa aliyoitumia kutibu ugonjwa ambao simu yake haikuwa nao.

Ndiyo maana naandika makala haya. Mtu anaweza kujua ndani ya dakika tano, bila ufundi wowote, kama kosa liko kwake au liko mbali. Na kabla hajajua, asiguse kitu kisichoweza kurudishwa.

Mahali patatu

Watu wengi huuliza swali lenye pande mbili: ni simu yangu au ni wao? Ukweli ni kwamba kuna mahali patatu pa kukatikia, na pa katikati ndipo panaposahauliwa.

Pa kwanza ni simu yako na vilivyomo: programu, saa na tarehe, nafasi ya kuhifadhi, akaunti, bando. Pa pili ni njia. Video hutoka kwenye mnara wa simu au waifai ya nyumbani, ikapita kwenye mitambo ya kampuni yako ya mtandao, na mara nyingi ikavuka bahari kwa mkongo uliolazwa chini ya maji. Pa tatu ni kwa wenye programu, kwenye seva zinazokutambua wewe ni nani, zinazokuchagulia orodha ya video, na zinazotuma video yenyewe. Kazi hizo tatu hufanywa na mashine tofauti. Ndiyo sababu unaweza kuona picha ndogo za video zimejipanga vizuri, ukibonyeza moja haichezi. Anayepanga orodha ni mzima, anayetuma video ndiye amelala.

Kila mahali hapa pana dalili zake, lakini dalili pekee hudanganya, kwa kuwa duara linalozunguka ni lilelile kwa magonjwa yote. Kinachotenganisha ni kubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha kutazama kama hali imebadilika. Ukibadili viwili kwa pamoja, video ikarudi, hutajua ni kipi kilichoiponya.

Jaribio la kwanza: simu hiyohiyo, kitu kingine

Acha programu ya video. Fungua kivinjari, utafute kitu ambacho hujawahi kukitafuta, kwa mfano jina la kijiji cha mbali na neno "shule". Kikileta majibu mapya, simu yako ina intaneti.

Nasisitiza kitu kipya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba programu nyingi huhifadhi vitu vya jana ndani ya simu. Ukifungua mtandao wa picha na kuona machapisho, huenda unatazama yaliyopakuliwa asubuhi, nawe ukaamini mtandao upo kumbe umekatika tangu mchana.

Sababu ya pili inatuhusu sana huku kwetu: bando. Kampuni za simu huuza vifurushi vya mitandao ya kijamii, ambavyo hufungua programu chache zilizotajwa na kuziacha nyingine nje. Mwenye kifurushi cha namna hiyo atatuma na kupokea ujumbe wa WhatsApp bila shida, lakini YouTube itagoma. Ataapa kwamba YouTube imekufa dunia nzima, kwa kuwa "intaneti ninayo". Kwa hiyo kabla ya jaribio lolote, uliza salio la bando na usome kwa makini ni bando la nini.

Usidanganywe pia na kwamba simu inapiga, au kwamba *150*00# inafungua menyu ya pesa. Menyu za namna hiyo hazipiti kwenye intaneti. Zinaonyesha tu kwamba mnara unakusikia, hazisemi chochote kuhusu data.

Jaribio la pili: programu hiyohiyo, njia nyingine

Kivinjari kimeleta majibu, lakini video bado. Sasa badili njia peke yake. Kama una laini mbili, hamishia data kwenye laini ya pili. Kama ulikuwa kwenye waifai, izime utumie data ya simu. Kama una laini moja tu, muombe mtu mwenye laini ya kampuni tofauti akufungulie hotspoti kwa dakika moja. Usiguse kingine chochote.

Video ikicheza, kosa liko kwenye njia yako ya kwanza. Anayepaswa kulalamikiwa ni kampuni ya mtandao au kifaa cha waifai nyumbani, na kuifuta programu hakutasaidia hata chembe. Ikikataa kwenye njia zote mbili, njia haina lawama, na wamebaki wawili: simu na wenye programu.

Hapa pana mtego mmoja. Wakati mwingine njia haijakatika, imekuwa nyembamba tu. Kwa mujibu wa YouTube wenyewe, video ya ubora wa 360p inahitaji kasi ya takribani megabiti 0.7 kwa sekunde, ya 720p inahitaji 2.5, na ya 1080p inahitaji 5. Jioni watu wote wa mtaa wanapokuwa kwenye mnara mmoja, kasi inaweza kukutosha kwa 360p na isikutoshe kabisa kwa 720p. Kwa hiyo shusha ubora wa video hadi 144p. Ikianza kucheza, basi seva ziko hai, programu ni nzima, na unachokosa ni kasi tu. Hitilafu ya wenye programu haiponi kwa kushusha ubora.

Jaribio la tatu: simu nyingine

Tafuta simu nyingine, ya mwanao, ya jirani, ya mwenye duka, na ufungue programu ileile. Ikiwezekana iwe ya aina tofauti: kama yako ni ya Android, tafuta iPhone, au kinyume chake. Na iwe na akaunti yake, si yako.

Ikicheza kule na kwako isicheze, na mko kwenye waifai moja, basi sasa una haki ya kuishuku simu yako. Ikigoma kote, rudisha simu mfukoni. Umeshabadili kitu kimoja kimoja, na kilichobaki bila kubadilika katika majaribio yote ni wenye programu peke yao.

Kama uko peke yako na hakuna simu ya pili, kuna njia ya mkato. Fungua video hiyohiyo kwenye kivinjari badala ya programu. Kivinjari na programu huomba video kwa mwenye nyumba mmoja lakini kwa milango tofauti. Ikicheza kwenye kivinjari, kosa liko kwenye programu iliyo ndani ya simu yako, au kwenye akaunti uliyoingia nayo. Ili kuzitenga hizo mbili, fungua kivinjari katika hali fiche, ambayo haikutambui wewe ni nani, na ujaribu tena. Hatua hii inaonekana ndogo, lakini siku moja mwaka 2020 ilitosha kutegua kitendawili kizima.

Jumatatu ya tarehe 14 Desemba 2020

Siku hiyo, saa nane na dakika 46 mchana kwa saa za Afrika Mashariki, YouTube iliacha kufunguka duniani kote. Gmail pia, na huduma nyingine za Google zinazotaka uingie kwa akaunti. Chukua nafasi ya mtu aliyekuwa Dar es Salaam au Mombasa mchana ule, upite naye kwenye majaribio yetu.

Anafungua programu, anaona ujumbe wa hitilafu. Jaribio la kwanza: anatuma ujumbe wa WhatsApp, unafika, anafungua tovuti ya gazeti, inafunguka na habari za siku hiyo. Intaneti ipo. Jaribio la pili: anahamia laini nyingine, hali ni ileile. Njia haina kosa. Jaribio la tatu: anachukua simu ya mwenzake, nayo imegoma. Mpaka hapa ameshajua kwamba simu yake haina lawama.

Sasa anafungua hali fiche kwenye kivinjari, anaandika youtube.com. Video zinacheza!

Matokeo hayo yana maana kubwa. Seva zinazotuma video zilikuwa hai muda wote, na mikongo ya baharini ilikuwa salama. Kilichokufa ni bawabu anayeuliza "wewe ni nani?" Aliyekwenda bila kitambulisho alipita, aliyetoa kitambulisho alizuiwa, kwa kuwa bawabu hakuweza kukisoma.

Maelezo ambayo Google waliyatoa baadaye yalithibitisha hivyo. Oktoba mwaka ule walikuwa wakihamisha mfumo unaotambua akaunti kwenda kwenye utaratibu mpya wa kugawia mifumo nafasi ya kufanyia kazi. Sehemu za utaratibu wa zamani ziliachwa, nazo zikawa zinaripoti kwamba mfumo wa akaunti unatumia sifuri, kana kwamba haufanyi kazi yoyote. Muda wa tahadhari ulipokwisha, mashine zilifuata zilivyoamriwa: anayetumia sifuri apunguziwe nafasi. Mfumo wa akaunti ukanyimwa nafasi, na ukashindwa kuthibitisha mtu yeyote. Hitilafu ilidumu dakika 47, ikaisha saa tisa na dakika 33.

Fikiria aliyetoka kwenye akaunti yake mchana ule kwa kudhani anaitibu simu. Alitoka, kisha akashindwa kuingia tena, kwa sababu mlango wa kuingilia ndio hasa uliovunjika. Aliyeanza kubadili nywila alikuwa akiomba nywila mpya kwa bawabu aliyezimia. Mwenzao aliyeacha kila kitu kama kilivyo alisubiri tu, na baada ya dakika 47 akaendelea alipoishia.

Kisa cha namna hiyo kilijirudia kwa sura nyingine tarehe 5 Machi 2024, Facebook ilipowatoa watu kwenye akaunti zao duniani kote kwa hitilafu ya ndani. Wengi waliamini wamedukuliwa. Kwa hiyo ukitolewa kwenye akaunti ghafla, muulize kwanza mwenzako kama naye ametolewa. Mkiwa wengi kwa dakika ileile, hakuna mdukuzi aliyekulenga wewe.

Kosa linapokuwa katikati

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 ilitufundisha habari ya mahali pa pili. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika kusini, karibu na pwani ya Afrika Kusini, na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikaguswa. Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi.

Dalili zake zilikuwa tofauti kabisa na zile za Desemba 2020. Haikugoma huduma ya kampuni moja. Ziligoma au kulegea huduma za kampuni nyingi zisizohusiana, zote kwa pamoja. Laini ya kampuni moja ilikuwa imezima, ya kampuni nyingine ikijikongoja, kwa sababu kila kampuni ina njia zake za kutokea nje. Na ukimpigia ndugu aliye Muscat au London, alikuwa akitazama video bila shida yoyote.

Swali hilo la ndugu wa mbali ni kipimo kizuri kuliko watu wanavyodhani. Karibu kila familia ya pwani ina mtu Ughaibuni. Kwake kukiwa kuzima na kwako kuzima, ni wenye programu. Kwake kukiwa kuzuri na mtaa wako wote umezima, kosa liko njiani, au huduma imefungwa nchini kwako, kama ilivyokuwa Uganda Januari 2021 intaneti ilipozimwa wakati wa uchaguzi. Katika hali zote hizo mbili, simu yako haina dawa ya kunywa.

Kuna jambo moja la kushangaza ambalo unaweza kulikuta mkongo ukikatika: video maarufu inacheza, lakini ya mtu asiyejulikana inakataa. Wenye huduma kubwa za video, Google wakiwamo, huweka mashine za akiba ndani ya kampuni za mtandao zenyewe, na humo hukaa nakala za video zinazotazamwa sana. Wimbo unaovuma unaweza kukufikia kutoka mjini kwako. Video ya harusi ya binamu yako iliyotazamwa na watu 30 lazima ivuke bahari. Ukiona mgawanyiko wa aina hiyo, shuku njia kabla ya kushuku simu.

Kuwauliza wengine, na mipaka yake

Wengi hukimbilia downdetector.com, ukurasa unaoonyesha kwa mchoro ni watu wangapi wanalalamikia huduma fulani. Ni msaada mzuri, ila ni lazima ujue unachokitazama. Sehemu kubwa ya mchoro ule inatokana na malalamiko ya watu, yakilinganishwa na idadi ya kawaida ya saa kama hiyo. Haumaanishi kwamba kuna mtu amepima seva. Ukipanda ghafla kama mlima na watu wakalalamika kutoka nchi nyingi, hitilafu ipo. Ukiwa umelala, usihitimishe kwamba wenye programu ni wazima. Walalamikaji wengi huko wako Ulaya na Amerika, na hitilafu inayotugusa sisi peke yetu inaweza isionekane kabisa.

Walalamikaji pia hukosea mtuhumiwa. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozima kwa takribani saa sita kuanzia jioni ya kwetu, mchoro ulionyesha kampuni kadhaa za simu za Marekani nazo zikilalamikiwa sana. Kampuni zile zilikuwa nzima. Watu waliona WhatsApp haiendi, wakalaumu laini zao. Siku hiyohiyo ilionyesha jambo jingine: mifumo ya ndani ya Facebook nayo iliangushwa na hitilafu ileile, na kampuni ikalazimika kuwajulisha watu kupitia Twitter. Habari za mgonjwa zitafute kwa jirani yake. YouTube ikizima, angalia kwenye mtandao usio wa Google. Instagram ikizima, angalia kwenye mtandao usio wa kampuni ileile.

Soma na ujumbe ulioandikwa kwenye skrini, kama upo. Namba inayoanza na 5, kama 500, 502 au 503, ni jibu lililotoka kwenye seva yenyewe: ombi lako lilifika, na aliyelipokea ameshindwa kulitekeleza. Aghalabu hapo simu haina kosa. Ujumbe kama No internet connection unatoka kwenye simu yako, ukisema ombi halikutoka au halikujibiwa. Huo ndio wa kukurudisha kwenye bando na mnara.

Ikithibitika ni simu

Majaribio yakionyesha kwamba kwa wenzako inacheza na kwako haichezi, kwenye waifai ileile, sasa ndiyo uiguse simu. Anza na vitu visivyopoteza chochote.

Tazama saa na tarehe. Simu iliyokaa bila chaji kwa muda mrefu inaweza kuamka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita. Kila unapofungua video, simu hukagua cheti cha usalama cha seva, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Simu inayoamini tuko mwaka 2015 itakikataa cheti cha leo kwa kuwa, kwake yeye, bado hakijaanza. Kivinjari cha Chrome mara nyingine kitakuambia waziwazi Your clock is behind, lakini programu ya video itaishia kusema tu hakuna mtandao. Washa saa ya kujipanga yenyewe, na tatizo linaweza kuisha hapohapo.

Kisha zima VPN kama unayo. Angalia kwenye mipangilio kama umewasha Data Saver, ambayo huzuia baadhi ya programu kutumia data. Washa hali ya ndegeni kwa sekunde kumi, uizime, ili simu iungane upya na mnara. Angalia nafasi iliyobaki kwenye simu. Ikijaa kabisa, programu hukosa pa kuweka vipande vya video na huanza kuganda au kujifunga. Zima simu na kuiwasha mara moja. Mara moja inatosha.

Tofautisha pia programu inayofunguka ikabaki tupu na ile inayojifunga yenyewe mara tu ukiigusa. Ya kwanza mara nyingi imekosa cha kuonyesha, na sababu iko njiani au kwenye seva. Ya pili imeanguka ndani ya simu, na mara nyingi sasisho ndilo lililoiangusha. Lakini hata hapo usikimbilie kufuta. Tarehe 22 Machi 2021, programu nyingi kwenye simu za Android, Gmail ikiwamo, zilianza kujifunga zenyewe. Kosa halikuwa ndani ya programu hizo. Lilikuwa kwenye kipande cha Android kiitwacho Android System WebView, ambacho programu nyingi hukitumia kuonyesha kurasa. Waliofuta programu zao na kuzipakua upya walikuta zinaanguka vilevile. Dawa ilikuwa kusasisha WebView na Chrome kutoka Play Store. Wenye iPhone hawakuguswa, na ndiyo sababu nilisema simu ya pili iwe ya aina tofauti.

Baada ya hayo yote, kama bado, fungua Settings, kisha Apps, uchague programu ya video. Humo kuna vitufe viwili vinavyofanana jina na kutofautiana sana kwa matokeo. Clear cache hufuta vitu vya muda ambavyo programu itavipakua tena. Ukibonyeza hupotezi rasimu wala akaunti. Clear storage, ambacho kwenye simu nyingine kimeandikwa Clear data, huirudisha programu kama ilivyokuwa siku ya kwanza: rasimu, video ulizopakua kutazama bila mtandao, na kuingia kwako kwenye akaunti, vyote vinakwenda. Kuifuta programu kuna hasara hiyohiyo, pamoja na megabaiti za kuipakua upya. Ukilazimika kufika huko, hifadhi kwanza kila rasimu kwenye galari ya simu au kadi ya kumbukumbu, na uhakikishe unaikumbuka nywila yako.

Jirani yangu sasa hahifadhi kazi yake ndani ya programu peke yake. Kila dera likisharekodiwa na kuhaririwa, video huingia kwenye galari kwanza, ndipo iingie kwenye rasimu. Wiki mbili zilizopita, baada ya magharibi, aliniandikia: "Kaka, kwako inafungua?" Nikajaribu kwa waifai, nikajaribu kwa laini. Haikufungua. Nikamjibu hivyo.

"Basi ni wao," akaandika. Akaiweka simu kwenye chaji, akaenda kupika.